Kisima kimoja kipya, vijiji viwili: 70 kwa 30 inatosha kuzuia ugomvi wa maji?

Maji_na_Jamii (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Natafuta mawazo ya watu waliowahi kukaa na wanakijiji wakagombana mbele yao.

Niko Uganda, Nile Magharibi, upande wa Terego, kwenye makazi ya wakimbizi. Shirika letu ni dogo. Tumepata fedha za kuchimba kisima kimoja cha pampu ya mkono, kukarabati kingine cha zamani, na mbegu kidogo za msimu ujao. Mkataba unataka 70 kwa 30, kwamba asilimia 70 ya msaada iende kwa wakimbizi na 30 kwa wenyeji. Kwenye karatasi tumepanga hivi: kisima kipya kichimbwe katikati ya kijiji cha wakimbizi, na wenyeji wakarabatiwe kile chao. Hesabu inakaa sawasawa na ofisi imeridhika.

Mimi sijaridhika. Kijiji cha wakimbizi kina kaya 70, karibu wote kutoka Sudan Kusini. Cha wenyeji kina kaya 45, na kati yao kuna kijito ambacho Januari huwa mchanga mtupu. Kisima cha zamani kiko upande wa wenyeji, kilichimbwa na wilaya kabla wakimbizi hawajafika. Wakimbizi walikuwa wakiletewa maji kwa malori, malori yakasimama, sasa wote wanachota hapo hapo. Kiangazi kilichopita vijana wa wenyeji walifunga pampu kwa kufuli hadi saa tatu asubuhi ili mama zao wachote kwanza. Watoto wakapigana, halafu watu wazima wakaingia. Tulituliza, lakini hayajaisha.

Je, nikipeleka mradi kama ulivyoandikwa, nitapunguza ugomvi au nitauchimbia msingi?

---

Mzalendo_Arua

Ndugu, usijisumbue. Hiyo 30 ni sheria ya nchi, imo kwenye Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Ukiifuata, hakuna atakayekulaumu. Na kama unaona wenyeji wananung'unika, gawa 50 kwa 50. Nusu kwa nusu kila mtu anaielewa. Tatizo la mashirika ni kwamba mnapewa kipimo halafu mnaanza kukipindisha, ndipo maneno yanapozuka.

---

Fundi_wa_Pampu

Mimi natengeneza pampu, chama chetu cha mafundi kinahudumia wilaya nzima. Kabla ya kusema asilimia, tuhesabu madumu.

Pampu hizi zetu za mkono zikiwa nzima, na anayepampu ana nguvu, zinatoa kama lita 1,000 kwa saa. Hayo ni madumu 50 ya lita 20. Lakini mtoto akipampu ni polepole, na kila mtu akiondoka kuna dakika ya kupanga dumu lake na kuzozana kidogo. Weka 45 kwa saa. Kisima kikifanya kazi saa 10 kwa siku, unapata madumu 450.

Familia ya watu sita inahitaji kama madumu sita kwa siku, yaani lita 20 kwa kila mtu. Kaya 70 na kaya 45 ni 115, mara sita ni madumu 690. Kwa hiyo sasa hivi, kwa kisima kimoja, kuna madumu 240 yasiyopatikana kila siku ya Mungu. Huo ndio ugomvi wako. Mtu wa mwisho kwenye foleni anajua hatapata, ndiyo maana kila mtu anataka kuwa wa kwanza, na ndiyo maana kufuli likawekwa. Hata wangekuwa kabila moja na lugha moja, wangegombana.

Ukiongeza cha pili unapata madumu 900, yanatosha na kubaki. Lakini sikiliza: pampu huharibika. Rabara zinalika, mnyororo unakatika, mabomba yanashika kutu hasa pale ambapo maji yana chuma nyingi. Siku moja kati ya hizo mbili itasimama, na ninyi mtarudi kwenye madumu 450 dhidi ya 690. Kama siku hiyo kimoja kinaitwa "cha wakimbizi" na kingine "cha wenyeji", mnadhani wenye pampu nzima watawafungulia wenzao?

Swali lako la kwanza liwe hilo: kisima kikiharibika, mkataba unasemaje?

---

Mama_Furaha_Kyangwali

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, niko makazi ya Kyangwali. Nasoma hapa naona watu wanauliza kama wakimbizi wanastahili kupewa kisima. Naomba mtuelewe. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani walitugawa makundi. Wengine wakabaki na asilimia 60 ya mgao, wengine 30, wengine wakaondolewa kabisa kwa sababu waliandikwa kuwa wanajitegemea. Jirani yangu ana cherehani moja, akaandikwa anajitegemea. Mimi sina, nikabaki na mgao mdogo. Tangu siku hiyo hatusalimiani vizuri, na sote ni wakimbizi wa kabila moja, tumetoka kijiji kimoja. Anaamini nilimsema kwa walioandikisha.

Kwa hiyo msifikiri ugomvi ni wa wakimbizi na wenyeji tu. Na kisima sisi hatukikatai.

---

Maji_na_Jamii

Pole sana mama. Sikuuliza kama wakimbizi wanastahili, samahani kama niliandika vibaya. Wanastahili maji kama mtu yeyote. Nauliza namna ya kuyaleta yasizae uadui. Ila hilo ulilosema la watu kutojua kwa nini huyu amepewa na yule ameachwa, nalichukua. Hata kwetu hakuna aliyewaeleza wenyeji kwa nini kisima kipya kinakwenda ng'ambo.

---

Mama_Salama_Adjumani

Nimefanya kazi na kamati za amani Adjumani kwa muda mrefu, nikaja pia Yumbe wakati makazi ya Bidibidi yanafunguliwa mwaka 2016. Nianze na ndugu Mzalendo. Sheria ya 2006 haina hiyo asilimia 30, wala kanuni za 2010. Ni mwongozo wa Ofisi ya Waziri Mkuu kwa mashirika, na mwongozo mzuri, kwa sababu kabla yake wenyeji walikuwa wanaangalia magari yakipita tu. Lakini ulikusudiwa kupima mpango mzima wa wilaya: shule, vituo vya afya, barabara, maji. Ukichukua kipimo cha wilaya nzima ukakiweka juu ya kijito kimoja chenye visima viwili, unapata mambo ambayo mwongozo wenyewe haukuyataka.

Na nusu kwa nusu hailingani na kaya 70 kwa 45. Watu wanajua kuhesabu nyumba za jirani.

Ndugu mwanzisha uzi, angalia vile mradi wako unavyoonekana kutoka kila upande. Mwenyeji anaona: sisi tulichanga kama shilingi 200,000 ndipo wilaya ikatuchimbia, tukaandika hati ya ardhi, tukachagua kamati, tunalipa shilingi 1,000 kila nyumba kila mwezi. Wao wamekuja juzi, wanapewa kipya bure, sisi tunapewa kilichotiwa viraka. Mkimbizi anaona: tulifungiwa pampu, sasa tunapata yetu, na siku wakija tutawafungia nao. Mkataba wako haukusema lolote kati ya hayo, lakini ndicho watakachosoma.

Halafu kuna jambo ambalo halipaswi kusahauliwa na mtu yeyote anayeleta maji huku. Septemba 2020, kwenye makazi ya Rhino Camp, wakimbizi 10 kutoka Sudan Kusini waliuawa baada ya ugomvi na wenyeji ulioanzia mahali pa kuchotea maji. Waliishi pamoja miaka kadhaa kabla ya hapo. Siandiki hili kukutisha. Naandika kwa sababu watu wa ofisini wakisikia "watoto wamepigana kisimani" huliandika kwenye ripoti kama jambo dogo.

---

Mtoto_wa_Ukoo

Mimi ni mwenyeji, na ardhi ya ukoo wetu ni sehemu ya makazi hayo mnayoyazungumzia, sitaji wapi. Wazee wetu walikaa chini ya mti na watu wa serikali wakakubali kutoa ardhi. Hakuna aliyelipwa. Waliahidiwa maji, shule, kazi kwa vijana. Sisi tulikuwa wakimbizi Kongo na Sudan miaka ya themanini, tunajua kukimbia ni nini, ndiyo maana wazee hawakukataa.

Lakini nitasema wazi. Kazi za kuchimba mitaro, kulinda ghala, hata kupika chai, mara nyingi walikuja watu kutoka mbali na barua zao. Shea na mikwaju ambayo babu yangu hakuikata imekuwa kuni. Sasa mtu akija kuniambia "asilimia 30 yenu ni ukarabati", siwezi kufurahi. Simchukii mkimbizi. Nina shida na anayegawa.

Mkitaka amani, mwenye ardhi aitwe kwenye kikao cha kwanza, siyo kile cha kuonyeshwa mahali palipokwisha kuchaguliwa.

---

Mzalendo_Arua

Mama Salama, asante kwa kunirekebisha kuhusu sheria. Lakini bado nasema, mashirika yakipewa uhuru wa kupindisha kipimo, watakaopoteza ni wenyeji. Afadhali 30 iliyoandikwa kuliko ahadi ya mdomo. Ndugu wa ukoo hapo juu ni shahidi, wazee wake waliahidiwa kwa mdomo.

---

Mama_Salama_Adjumani

Hapo nakubaliana nawe kabisa. Sisemi 30 ifutwe. Nasema ihesabiwe kwa upana wa mradi wote, na kila kisima kiwekwe kwa kufuata watu na njia zao. Kisima kilicho karibu na kijito, kinachofikiwa na wote, unaweza kukiandika kwenye ripoti kwa kugawanya kaya zinazochota: 70 kati ya 115 ni asilimia 61, na 45 ni asilimia 39. Mfadhili mwenye akili ataelewa ukimweleza mapema. Ukisubiri hadi ripoti ya mwisho, ataona umevunja mkataba.

---

Fundi_wa_Pampu

Mama amesema "karibu na kijito". Niongeze la kitaalamu kidogo, kwa sababu hapa ndipo ahadi nyingi huvunjikia.

Hamwezi kuamua kwenye kikao kwamba kisima kitakuwa hapa. Maji ya huku yako kwenye nyufa za mwamba. Mtaalamu wa maji ya ardhini anapima, anatoa sehemu kadhaa zenye matumaini, na hata hapo unaweza kuchimba ukapata vumbi. Pampu ya mkono inataka angalau lita 500 kwa saa ili iwe na maana. Nimeona kijiji kilichoahidiwa kisima mbele ya mkutano wa hadhara, mashine ikachimba mara mbili pakavu, kisha ikahamia kijiji cha pili na kupata maji. Watu wa kijiji cha kwanza hawakusema "hakuna maji chini". Walisema mwenyekiti amehonga. Mpaka leo wanasema hivyo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza pande zote mbili zikubaliane masharti, kabla hata ya kupima: kisiwe mbali zaidi ya umbali fulani kutoka nyumba za mwisho za kila upande, kisiwe kwenye kaburi au shamba la mtu asiyetaka, kisiwe mahali ambapo mwanamke atapita kichakani jioni. Halafu wachague watu, wawili au watatu kila upande, watembee pamoja na mtaalamu siku ya kupima. Waone vifaa, waulize maswali. Sehemu zilizopatikana zipangwe kwa mfuatano: tukikosa hapa, tunakwenda pale. Waweke vidole. Mashine ikija na kukosa maji, hakuna wa kulaumiwa ila jiwe.

Na kama siku moja mtapata maji mengi sana, lita elfu kadhaa kwa saa, watakuja watu kusema tuweke pampu ya sola na kusukuma maji kwenda makazini. Ni vizuri. Lakini nimeona bomba likitoka kwenye ardhi ya mwenyeji, likipita mbele ya nyumba yake, likienda kumwagika kilomita tatu mbele, na yeye bado anachota kijitoni. Lile bomba lilikuwa likitobolewa kila baada ya wiki chache. Walipoweka vituo viwili vya bomba njiani, kutobolewa kukapungua sana.

---

Maji_na_Jamii

Mzee Fundi, hili la kutembea pamoja siku ya kupima sikuwa nalo. Naona linawezekana, mtaalamu bado hajaja.

Sasa jambo linaloniumiza kichwa zaidi: malipo. Wenyeji walikuwa wanalipa 1,000 kwa mwezi kila kaya. Wakimbizi hawajawahi kulipa, kwa sababu maji yao ya malori yalikuwa bure na pampu za makazini hutengenezwa na mashirika. Tangu wote waanze kuchota kisima kimoja, kaya nyingi za wenyeji zimeacha kulipa, wanasema "kwa nini nitengeneze pampu inayoharibiwa na wengine?" Kisima kikiwa cha wote, nani alipe? Ofisini wamependekeza shirika liwalipie wakimbizi ada ya mwaka mmoja.

---

Mwenyekiti_Kijiji

Mimi ni kiongozi wa wakimbizi, kwenye RWC, baraza la wakimbizi la kijiji chetu, makazi mengine lakini hali ni hiyo hiyo. Niseme kutoka upande wetu.

Kwanza, hatuna fedha. Mgao umekatwa mara nyingi, kiwanja cha mita 30 kwa 30 ukijenga nyumba na choo unabaki na bustani ya mboga. Shilingi 1,000 ni ndogo kwa mwenye kazi. Kwa mjane mwenye watoto watano ni sabuni ya mwezi.

Pili, hiyo haki ya kulipa sawa ina tundu. Upande wetu watu hawana ng'ombe. Jirani yetu mwenyeji ana ng'ombe kumi, anawanywesha pale pale pampuni kiangazi. Ng'ombe mmoja wa kienyeji anakunywa kama lita 30 kwa siku, kumi ni madumu 15. Hizo ni familia mbili na nusu. Na analipa 1,000 sawa na mjane. Kama tunazungumza kuhusu malipo, tuzungumze kuhusu kila mtu anayekunywa.

Tatu, tukilipa, tuwe na mtu wetu anayeshika daftari. Huwezi kulipa kamati ambayo humo ndani hakuna hata mmoja anayejua jina lako.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji ya wenyeji, Madi-Okollo. Mwenyekiti amesema kweli kuhusu ng'ombe, na kwetu tulikuja kuweka ada ya mifugo baada ya kelele nyingi. Wenye ng'ombe ndio wakubwa wa kijiji, kwa hiyo ilichukua muda.

Lakini kusema hatuna fedha, hapo sikubali yote. Watu wale wale wananunua muda wa maongezi. Na kazi ya mikono kusafisha kisima na kujenga uzio haiwezi kununua rabara. Fundi hapa juu hapokei magugu yaliyofyekwa.

Shirika likiwalipia wakimbizi ni sumu. Tulifanyiwa hivyo. Mwaka ule wenyeji wakauliza, mbona sisi hatulipiwi? Wakaacha nao kulipa. Mradi ukaisha, shirika likaondoka, pampu ikakatika mnyororo na kwenye sanduku palikuwa na shilingi elfu kumi na mbili. Kamati iliyokuwa ikifanya kazi kabla ya msaada ilikufa kwa msaada.

---

Mwenyekiti_Kijiji

Muda wa maongezi ndio unaotuunganisha na ndugu waliobaki Sudan Kusini. Usiuweke kwenye mizani ya anasa, mzee wangu.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Nimekusikia, mwenyekiti. Naondoa hilo la muda wa maongezi. La shirika kulipa silitoi.

---

Fundi_wa_Pampu

Kuhusu fedha, niseme nilichoona kinafanya kazi mahali pamoja, sisemi kitafanya kazi kwako. Walikubaliana ada ndogo kwa kila kaya bila kuangalia ni nani, mifugo ikaongezwa ada yake, na kaya walizoziona wenyewe kuwa hazina kitu zikasamehewa kwa majina yaliyosomwa mbele ya wote, za pande zote mbili. Shirika halikulipa ada ya mtu. Lilinunua vipuri vya kuanzia: rabara, mnyororo, fimbo mbili tatu, vikawekwa kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kila upande. Kufungua sanduku lazima wakutane.

Kilichoharibika baadaye ni kwamba mmoja wa wenye ufunguo alihamia Kampala na ufunguo wake. Kwa hiyo andikeni jina la mtu wa pili.

---

Jirani_wa_Koboko

Nauliza tu, hao wauza maji wa baiskeli mmewafikiria? Kwetu dumu moja lilikuwa shilingi 500 kiangazi. Vijana walikuwa wakiamka saa kumi usiku, wanajaza madumu ishirini kisimani, wanakwenda kuuza sokoni. Kisima kipya kilipokaribia, hao ndio waliokuwa wakieneza maneno kwamba maji yake yana ugonjwa.

---

Maji_na_Jamii

Wapo. Na sasa nafikiria, wawili kati ya vijana waliofunga kufuli ni wauza maji. Tuliwachukulia kama watetezi wa mama zao tu. Asante sana kwa hili.

---

Mama_Salama_Adjumani

Ndiyo maana kabla ya kupanga chochote huwa nakaa kisimani asubuhi mbili tatu bila daftari. Utaona nani anajaza madumu mengi, nani anaruhusiwa kupita foleni, nani anaondoka bila kuchota. Ukiuliza kwenye mkutano, watakujibu kama jamii. Kisimani watu hawajifichi.

Umeniuliza kwa ujumbe wa pembeni namna ya kujua mapema kama mambo yanaharibika baada ya kisima kufunguliwa. Nijibu hapa wengine wafaidike. Foleni ikigawanyika kuwa mbili, hata kama watu wanacheka, ni dalili. Watoto wakianza kutumwa badala ya mama zao, maana yake mama wanaepuka matusi. Michango ikishuka upande mmoja tu, kuna jambo halijasemwa. Kikao cha kamati kikihudhuriwa na upande mmoja mara mbili mfululizo, usisubiri cha tatu. Na watu wakianza kukiita kisima kwa jina la upande mmoja, nenda hapo siku hiyo hiyo.

Mazuri nayo yana dalili. Huko Adjumani tulikuwa na mama wawili, mwenyeji na mkimbizi, walioshika zamu ya ufunguo. Baadaye wakaanza kulimiana, siku kwa huyu, siku kwa yule. Hakuna mradi uliowaambia. Walikutana kwa sababu ufunguo uliwalazimisha kukutana kila jioni. Vitu kama hivyo vikiwepo, mradi usivikanyage. Pale kwako, je, kuna kitu ambacho pande hizo mbili tayari wanafanya pamoja?

---

Maji_na_Jamii

Soko la Jumamosi ni moja. Shule ya msingi ni moja. Na kanisa, Wakakwa wa pande zote wanasali pamoja kwa lugha yao.

---

Mama_Salama_Adjumani

Basi mikutano yako ifanyie shuleni, usiifanyie kwenye ofisi ya makazi. Mwenyeji akiitwa ofisi ya makazi anajiona mgeni kwenye ardhi ya babu yake, na mkimbizi akiitwa kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji, anaogopa kusema.

---

Mtoto_wa_Ukoo

Hilo la shule ni sahihi. Na mbegu? Umesema kuna mbegu pia. Hizo zitagawiwaje?

---

Maji_na_Jamii

Zilipangwa kugawiwa kwenye uwanja wa makazi, wakimbizi siku ya kwanza, wenyeji wiki inayofuata. Naona sasa nitaomba iwe siku moja, mahali pamoja, kifurushi kimoja, na orodha ibandikwe siku tatu kabla ili watu wapinge mapema. Ila kuna mama mmoja mwenyeji anayeuza mbegu za maharage sokoni, kila msimu. Tukimwaga mbegu za bure wiki ya kupanda, atakula nini? Nafikiria kumshauri meneja tununue sehemu kwake, kama mbegu zake zinaota vizuri.

---

Mzalendo_Arua

Wakikuuliza kwa nini umenunua kwake na si kwa mwingine?

---

Maji_na_Jamii

Swali zuri, sina jibu bado. Labda tutangaze sokoni kwamba tunanunua, kila muuzaji alete sampuli, tuoteshe mbele yao.

Kwa kisima, nimezungumza na meneja jioni hii. Amekubali tuandike kwa mfadhili kuomba kisima kipya kiwekwe popote karibu na kijito patakapopatikana maji, kihesabiwe kwa kaya zote 115, na ukarabati wa kile cha zamani uwe wa kubadilisha mabomba yote kuwa yasiyoshika kutu, siyo rabara tu, ili visima vyote viwili viwe na hali moja. Ada sijaipatia ufumbuzi. Hoja ya mwenyekiti na hoja ya mzee mweka hazina zote zina uzito, na sitaki kuziamua mimi. Nitazipeleka shuleni kama zilivyo, ng'ombe wakiwemo.

Mzee Fundi, ombi moja. Hati ya ardhi ya kisima, kwa ukoo wa hapa, iandikwe vipi isije ikarudi kutugeuka?

---

Fundi_wa_Pampu

Iandikwe kwamba ukoo unatoa eneo la kisima na njia ya kufikia, kwa vipimo, kwa matumizi ya kila anayeishi vijiji hivyo viwili, vitajwe kwa majina. Wengi wanasahau njia: kisima kinakuwa cha wote halafu mtu analima mihogo kuzunguka, hakuna pa kupita. Asisaini mtu mmoja tu. Asaini mkubwa wa ukoo, na mmoja wa vijana wake, na mke wa mwenye shamba lenyewe, mbele ya LC1 na kiongozi wa RWC. Mzee akifariki, kijana asiseme hakuwepo. Nakala tatu: moja kwa ukoo, moja kwa kamati, moja kwa ofisi ya maji ya wilaya.

Na iandikwe kabla mashine haijaja. Maji yakishatoka, bei ya ardhi hupanda usiku huo huo.